Mwanafunzi Anapofariki kwa Kujiua: Mwongozo wa Shule Kuanzia Usiku wa Taarifa Hadi Arobaini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa shule ya sekondari ambaye amepigiwa simu Jumapili saa 2 usiku na kuambiwa kwamba mwanafunzi wake wa Kidato cha Tatu amefariki nyumbani, na kwamba inasemekana amejiua. Shule tunayoichukua kuwa mfano ni ya kutwa, ina wanafunzi wapatao 620 na hosteli ndogo ya wasichana, na ipo Tanzania Bara. Mwanafunzi tutamwita kijana wa Kidato cha Tatu B. Kisa chake si cha kweli, lakini kila kinachoelezwa ni kitu ambacho shule hukutana nacho.

Lengo la mpango ni kuwahudumia waliofiwa, na pia kuwalinda wanafunzi wengine, kwa sababu kifo cha aina hii kinaweza kuwasukuma vijana ambao tayari wana mzigo wao kuelekea njia ileile. Hatari hiyo huongezeka pale namna ya kifo inaposimuliwa kwa kina, marehemu anapopambwa kama shujaa, au chanzo kinapoelezwa kuwa ni kimoja na chepesi, kwa mfano kufeli mtihani. Mazungumzo ya utulivu na ya kweli kuhusu kujiua hayaleti hatari hiyo. Ukimya ndio huiacha habari mikononi mwa simu za wanafunzi.

Hatua ya kwanza: Jumapili usiku, kabla ya kutangaza chochote

Thibitisha habari kwa familia yenyewe au kwa polisi, si kwa kundi la WhatsApp. Kwamba kijana amefariki unaweza kulijua usiku huohuo. Kwamba amejiua ni jambo la polisi na uchunguzi wa daktari, hivyo hadi hapo, au hadi familia yenyewe iruhusu kulisema, shule husema tu kwamba chanzo hakijathibitishwa. Mjulishe ofisa elimu wa sekondari wa halmashauri na uombe ofisa ustawi wa jamii awepo shuleni asubuhi.

Baada ya hapo nenda msibani, ukiwa na mwalimu mmoja tu ambaye familia inamfahamu. Msafara wa walimu 12 katika usiku wa kwanza huwalazimu wafiwa kuanza kutafuta viti. Toa pole, kaa, na ukipata nafasi ya faragha na mzazi au msemaji wa familia, uliza mambo manne: familia ingependa shule iseme nini kuhusu chanzo cha kifo, kijana ana ndugu au binamu gani katika shule hii na za jirani, mazishi yatakuwa lini na wapi, na nani ndani ya familia atakuwa anapokea simu za shule. Swali la kwanza ndilo gumu. Baba anaweza kusema, “Mwalimu, waambie alikuwa anaumwa.” Usikubali kusema uongo, kwa sababu majirani wanajua na kesho watoto watajua, na baada ya hapo hawatakuamini hata utakapowaambia jambo la kuwaokoa. Unaweza kumjibu hivi: “Baba, sitasema alivyofariki, wala sitataja neno ambalo hamlitaki. Nitasema amefariki, na kwamba familia imeomba mengine yabaki kwenu. Ila wanafunzi watakuwa wamesikia mengi, nami itabidi nizungumze nao kwa jumla kuhusu kujiua ili wasalimike.” Familia nyingi hulielewa hilo, na nyingine hubadili mawazo baada ya mazishi.

Usiku huohuo unda timu ya watu watano: wewe, makamu mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na unasihi, matroni wa hosteli, na mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari moja. Mwalimu aliyekuwa karibu sana na kijana asiwekwe kwenye timu hata kama ndiye hodari kuliko wote, kwa sababu naye amefiwa. Chagua pia mtu mmoja wa kuzungumza na waandishi wa habari na watu wa mitandaoni. Jibu lake ni kwamba shule imempoteza mwanafunzi, inaiheshimu familia, na haitaeleza zaidi ya hapo.

Kabla ya kulala, mwagize mhasibu amtoe kijana kwenye orodha ya ujumbe wa madeni ya ada, na mwalimu wa taaluma amtoe kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa za utoro. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku ya nne, mama aliyefiwa anapopokea ujumbe wa kumkumbusha kwamba mwanawe hakufika shuleni.

Hatua ya pili: kikao cha wafanyakazi, Jumatatu saa 12:30 asubuhi

Waite wote, wakiwemo wapishi, mlinzi, dereva na mtunza maktaba, kwa sababu mara nyingi mpishi ndiye anayesikia wanafunzi wanasema nini. Kikao kisizidi nusu saa, na kiishe kabla wanafunzi hawajajaa uwanjani.

Anza kwa kusema ukweli ulioruhusiwa na familia, kwa sentensi mbili au tatu, kisha nyamaza kidogo. Wengine watalia. Baada ya hapo soma tamko litakalosomwa darasani na umpe kila mwalimu nakala yake. Mwalimu anayehisi hataweza kulisoma aseme bila kuulizwa sababu, na mwingine achukue darasa lake. Kidato cha Tatu B kiwe na watu wawili: mwalimu wa darasa na mnasihi.

Sehemu ninayoipa dakika nyingi kuliko zote ni ya maneno. Kiswahili chetu cha msibani kina misemo mizuri ambayo katika msiba huu inageuka kuwa na madhara. “Amepumzika” tunaisema kwa mgonjwa aliyeteseka kitandani, lakini kijana wa miaka 16 mwenye maumivu yake ya siri akiisikia, anaelewa kwamba kifo ndicho kilichompa mwenzake nafuu. “Mungu amempenda zaidi” nayo humpa marehemu cheo. Kwa upande mwingine, “amejikatili,” “mwoga,” au “amekufuru” huwafunga midomo wale waliowahi kufikiria jambo hilo, na hao ndio tunaotaka waje waseme. Sema “amefariki,” au, familia ikiruhusu, “amefariki kwa kujiua,” bila kupamba wala kulaani. Namna, mahali na kifaa visitajwe kabisa, hata kwa mwanafunzi anayebembeleza, na hata katika ofisi ya walimu mlango ukiwa wazi.

Kisha tengenezeni pamoja orodha ya wanafunzi wa kufuatiliwa. Usianze na wanaolia zaidi. Anza na ndugu na binamu, rafiki wa karibu, mpenzi kama yupo, jirani wa dawati, mtu wa mwisho kuwasiliana naye, aliyegombana naye wiki ile, waliofiwa mwaka huu, na wale ambao shule inajua kwamba waliwahi kujidhuru. Aliyegombana naye husahaulika mara nyingi, na huyo ndiye anayekaa kimya nyuma ya darasa akiamini kwamba ameua. Katika shule ya mfano wetu orodha hiyo ilifika majina 19, na kila jina likapewa mwalimu mmoja wa kuzungumza naye kabla ya saa 8 mchana.

Mwishowe, mkumbuke mwalimu ambaye Ijumaa alimchapa kijana au kumfukuza darasani. Yupo karibu katika kila tukio, na wenzake wanamwangalia pembeni hata kabla kikao hakijaisha. Mwite faragha. Mwambie kwamba kujiua hutokana na mambo mengi yaliyokusanyika na kwamba hatasimamishwa mbele ya wenzake ajieleze. Mwambie pia ukweli kwamba polisi wakiomba maelezo atayatoa, na kwamba hatakwenda peke yake. Apewe mtu wa kumpigia jioni. Kama adhabu yenyewe ilivunja taratibu, hilo lina uchunguzi wake na wakati wake, lakini Jumatatu asubuhi si wakati huo.

Hatua ya tatu: kuwaambia wanafunzi

Usitangaze mstarini. Nimewahi kushuhudia shule moja ikifanya hivyo: msichana mmoja alipiga kelele na kuanguka, akafuata wa pili, na ndani ya dakika 10 wasichana zaidi ya 30 walikuwa chini, huku wazazi wakiruka uzio kuwachukua watoto wao. Hakuna aliyeweza kujua katika kundi lile nani alihitaji msaada wa kweli. Tangaza darasani, saa 1:45, madarasa yote kwa wakati mmoja, kwa sauti ya mwalimu wanayemjua. Ndugu wa marehemu, kama wamekuja, na marafiki wawili au watatu wa karibu waitwe kabla na kuambiwa wakiwa wamekaa na mnasihi.

Tamko linaweza kuwa hivi, na lisomwe kama lilivyo:

“Nina habari ya huzuni. Mwenzenu wa Kidato cha Tatu B amefariki dunia jana. Familia yake imeturuhusu tuseme kwamba amefariki kwa kujiua. Hatutazungumzia namna alivyofariki, kwa sababu hilo halimsaidii yeyote na linaweza kumuumiza aliye hapa. Mtu hujiua kwa sababu nyingi zilizochanganyika, na mara nyingi anakuwa na maumivu au ugonjwa wa akili ambao wengine hawauoni. Hakuna mtu mmoja aliyesababisha. Mnaweza kulia, kukasirika, au kutohisi chochote, na yote hayo hutokea. Kama umewahi kuwaza kufa au kujidhuru, au unamjua mwenzako anayewaza hivyo, mwambie mtu mzima leo. Hutaadhibiwa. Chumba cha maktaba kitakuwa wazi siku nzima na kuna mtu wa kuzungumza naye.”

Familia ikikataa, sentensi ya tatu ibadilike iwe: “Familia imeomba mambo mengine yabaki kwao, nasi tutawaheshimu. Najua kuna maneno yanayosemwa kwamba amejiua. Sitayathibitisha, lakini kwa kuwa jambo hilo limetajwa, nitalizungumzia kwa jumla.” Hapo maelezo yanayofuata yataendelea bila kumtaja marehemu.

Acha kipindi hicho cha dakika 40 kwa maswali. Swali la “kwa nini” lijibiwe kwa ukweli kwamba hatutajua lote. Swali la “alifanyaje” lijibiwe kwa utulivu: “Hilo hatulizungumzii. Wewe unaendeleaje?” Mtu atauliza kama alirogwa, na mwingine kama atakwenda motoni. Mwalimu asigombane na imani ya nyumbani kwa mtoto, wala asimhukumu marehemu. Inatosha kusema kwamba madaktari wanajua sonona na maumivu mengine ya akili yanaweza kutibika, na kwamba hukumu ya marehemu si ya darasa hili. Sheikh au mchungaji akialikwa kusali, zungumza naye kabla, na umwombe awaombee walio hai badala ya kuhubiri juu ya adhabu.

Baada ya kipindi hicho masomo yaendelee, kwa wepesi, bila majaribio. Kuwarudisha wote nyumbani saa 3 asubuhi ni kuwapeleka kwenye nyumba ambazo hazina mtu mzima na kwenye simu zenye picha ambazo hutaki wazione. Wanafunzi wa hosteli wapate matroni wawili usiku badala ya mmoja kwa wiki nzima.

Dawati la marehemu lisiondolewe usiku kwa siri. Mnasihi alizungumzie na darasa, libaki mpaka baada ya mazishi, kisha madawati yapangwe upya mbele ya wanafunzi wenyewe. Madaftari na vitu vyake vikusanywe na watu wawili, viandikwe, vipelekwe kwa familia. Kikipatikana kikaratasi alichoandika, kisipigwe picha wala kusomwa ofisini. Kiende kwa polisi, na familia ijulishwe.

Hatua ya nne: mazungumzo na aliye kwenye orodha

Mwalimu asizunguke. Baada ya salamu na pole, aulize: “Tangu habari hii, au hata kabla yake, umewahi kuwaza kujiua?” Walimu huogopa kwamba swali hilo litampandia mtoto wazo kichwani. Halimpandii. Humpa ruhusa ya kusema. Akijibu ndiyo, uliza kama anawaza sasa, kama ameshapanga, na kama ana kitu ambacho angekitumia. Usimwahidi siri. Usimwache peke yake hata kwenda msalani bila mtu wa kumsubiri nje, mpigie mzazi, na kama ana mpango, afikishwe hospitalini leo akisindikizwa na mtu mzima. Anayewaza tu bila mpango naye aonwe na mtaalamu mapema, na mzazi ajue. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure na mwanafunzi anaweza kuipiga mwenyewe, lakini haichukui nafasi ya kumfikisha hospitalini aliye hatarini.

Hapa kuna kikwazo cha kisheria ambacho wazazi wanakijua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya wengine wamfiche mtoto ndani. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Msimamo wa shule uwe kwamba mtoto ni mgonjwa anayehitaji daktari. Kuwaza kujiua si kosa popote, wala si sababu ya kumsimamisha masomo.

Daftari la ufuatiliaji liwe na safu nne tu: jina, aliyezungumza naye, alichojibu kwa ufupi, na tarehe ya kuonana tena. Lifungiwe kabatini kwa mnasihi. Nafasi ya tarehe ikiwa tupu, mwanafunzi huyo amesahaulika.

Hatua ya tano: wazazi

Ujumbe kwa wazazi wote utumwe saa 2:00 asubuhi, watoto wakiwa wameshaambiwa. Usitumwe kabla, kwa sababu mtoto atausoma kwenye simu ya mama kabla ya kufika darasani, na usicheleweshwe hadi jioni, kwa sababu uvumi utakuwa umeshawatangulia:

“Ndugu mzazi, shule imempoteza mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Wanafunzi wameelezwa asubuhi hii na walimu wao. Leo jioni kaa na mwanao, muulize amesikia nini na anajisikiaje, na umsikilize zaidi kuliko kumpa mawaidha. Tafadhali usisambaze picha wala maelezo ya tukio. Kikao cha wazazi ni Jumatano saa 9 alasiri.”

Katika kikao cha Jumatano, usiruhusu kigeuke kuwa baraza la kutafuta mwenye kosa. Mzazi mmoja atasimama na kusema kwamba ni mitandao, mwingine ni viboko, mwingine ni malezi ya familia ile. Sema mapema kwamba kifo hakitajadiliwa, kisha ingia kwenye mambo mawili. La kwanza ni dalili: mtoto anayejitenga ghafla, asiyelala, anayegawa vitu vyake, anayesema kwamba ni mzigo au kwamba watu wangekuwa afadhali bila yeye, au anayetulia ghafla baada ya wiki za majonzi. La pili ni usalama wa nyumba. Viuatilifu vya shambani na dawa za hospitali vifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mzima, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na umbali kati ya mtoto na kitu cha hatari unaweza kumvusha. Wazazi hulipokea hili vizuri kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu ni kazi ya mikono, na mtu anaweza kwenda kuifanya jioni ileile.

Wazazi wa marafiki wa karibu waitwe kando. Waambiwe wazi kwamba mtoto wao yumo kwenye orodha ya kufuatiliwa na kwa nini, na wakubaliane na shule nani atakuwa naye usiku.

Wazazi waliofiwa ni jambo la pekee. Majirani huja kwa wingi kwenye mazishi, kisha hukatika haraka kuliko katika vifo vingine, kwa sababu hawajui waseme nini. Shule iwe na mtu mmoja, yuleyule, anayekwenda baada ya wiki, baada ya mwezi, na siku ya arobaini kama familia inaifanya. Amtaje kijana kwa jina na asimulie kitu alichokumbuka, kwa mfano alivyokuwa akimsaidia mwenzake hesabu. Asiulize kama hawakuona dalili. Kama kuna mdogo wake shuleni, mtu huyohuyo azungumze na wazazi kuhusu siku ya kurudi: atakaa wapi, atawaambia wenzake nini, na atamwendea nani akizidiwa katikati ya kipindi.

Hatua ya sita: mazishi na siku zinazofuata

Kanuni ni kumtendea marehemu kama mwanafunzi mwingine yeyote aliyefariki. Kama shule huchanga rambirambi na kupeleka wawakilishi wa darasa anapofariki mwanafunzi kwa malaria, ifanye hivyohivyo, kwa ruhusa ya wazazi wa wanaokwenda, na walimu wa kutosha ndani ya basi. Wanafunzi wasipelekwe mahali kifo kilipotokea. Fulana zenye picha, kuchora jina ukutani, au kuliita kombe la michezo kwa jina lake visifanyike, hata wanafunzi wakiomba kwa machozi. Wape badala yake daftari la kuandika kumbukumbu, mnasihi alisome, kisha lipelekwe kwa familia.

Hatari haiishi wiki ya kwanza. Fungua kalenda ya shule na uweke alama kwenye siku ya arobaini, siku yake ya kuzaliwa, siku ya matokeo ya mitihani ya kitaifa, mahafali ya Kidato cha Nne ambayo angekuwamo, na mwaka mmoja wa kifo. Siku tatu kabla ya kila alama, timu ifungue daftari na kuwaita waliomo mmoja mmoja. Katika mfano wetu, majina 19 ya Jumatatu yalikuwa yamefika 23 kwenye siku ya arobaini, na wanne walioongezeka walitajwa na wanafunzi wenzao waliokuja maktaba kusema, “Mwalimu, mimi niko sawa, ila nina wasiwasi na fulani.”